Mtungi wa Kati

Kiwandani walimwita Dada Pua, na hakuchukia. Wengine hupewa jina la utani kwa ajili ya kitambi, wengine kwa miguu ya matege. Yeye alipewa jina la kiungo kilichomlisha. Kazi yake ilikuwa kunusa. Kila siku saa za mchana, akiwa hajala kitunguu wala kujipaka mafuta yenye manukato, aliingia chumba chenye meza nyeupe na dirisha moja, akanusa wiski changa iliyotoka jana yake, nyeupe kama maji, kisha akasema iende kwenye mapipa au irudi ikapikwe upya. Wanaume wenye ndevu zao walisimama mlangoni wakingoja neno lake kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

Watu wa nje walidhani ni kazi ya starehe. "Mwenzetu unalewa na unalipwa," shoga zake walimtania. Yeye hakuwa hata mnywaji. Alinusa, akaweka tone ulimini, akatema, akasukutua mdomo kwa maji ya vuguvugu. Aliyemfundisha, bibi mmoja mkali ambaye sasa amestaafu, alimwachia amri moja tu ya kazi: usinuse ya leo peke yake. Weka pembeni chupa ya mfano, ile nzuri ya mwaka jana, uanze nayo hiyo kila siku. Pua, alisema bibi yule, haina kumbukumbu; ina mazoea.

Kiwanda chao kilijivunia jambo moja, nalo liliandikwa kwenye kila chupa: wiski iliyokenekwa mara tatu. Wengine hukeneka mara mbili. Kukeneka si uchawi. Unachukua kimea cha shayiri, unakikoroga na maji ya moto, unatia hamira, inachacha, unapata kitu kama bia iliyopooza. Hiyo unaitia kwenye mtungi wa shaba mkubwa kama chumba, wenye tumbo la duara na shingo ndefu, unaichemsha. Kileo huwahi kuchemka kuliko maji, hupanda shingoni kikiwa mvuke, huvuka upande wa pili, hupozwa kikatiririka. Hapo umekeneka mara moja. Wenye mitungi miwili hurudia, wakapata kileo chao. Wao walikuwa na mitungi mitatu, na ule wa katikati ulikuwa mikononi mwa mdogo wake Dada Pua, kijana wa makamo mwenye mabega mapana na maneno machache, ambaye kiwanda kizima kilimwita Wa Kati.

Alikuwa mtoto wa mwisho kwa mama yao, lakini jina hilo lilishamganda.

Basi mama yao alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kulazwa na kugeuzwa. Daktari alisema asilale ubavu mmoja muda mrefu, atachubuka atoke vidonda vibaya. Wakagawana. Usiku na alfajiri zamu ya Dada Pua. Asubuhi jirani mwenye cherehani alikuja kukaa naye, lakini ikifika saa sita ilimlazimu arudi kwa wateja wake. Mchana ukabaki hauna mtu.

"Mimi siwezi kutoka mchana," Dada Pua alimwambia mdogo wake, wamesimama jikoni, sufuria la uji katikati yao. "Ndiyo saa ya kuonja. Wewe je?"

"Nitafika," alisema Wa Kati.

"Utafikaje? Si unamaliza saa tisa?"

"Dada, nimesema nitafika."

Akafika kweli. Siku ya kwanza alichelewa kidogo, zilizofuata akawahi, na baada ya majuma machache jirani alikuwa akimkuta mlangoni hata kabla hajaaga. Dada Pua alimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu mwenye moyo. Hakuuliza zaidi. Wakati mwingine mtu huacha kuuliza kwa sababu anaogopa jibu. Yeye aliacha kwa sababu alikuwa amechoka, na uchovu wa kuuguza si wa kulala ukaisha.

Uchovu huo ndio uliomfanya aache na jambo lingine. Siku moja alifika chumba cha kunusa akiwa amekesha, akaona uvivu kwenda kabatini kuitoa chupa ya mfano, kuipunguza kwa maji kwa kipimo, kuosha glasi ya pili. Akanusa ya jana peke yake. Ilikuwa nzuri. Siku ya pili vilevile. Ya leo ikafanana na ya jana, na ya kesho ikafanana na ya leo, na chupa ya mfano ikabaki kabatini inakusanya vumbi kama sahani za wageni.

Hapo ndipo alipokuja meneja mpya.

Hakuwa mtu mbaya, nitamtendea haki. Alikuwa mpole, mwenye miwani iliyoteremka puani, na alitumwa na wenye kiwanda kutazama mafuta yanayochomwa bure. Kampuni ilikuwa na kiwanda kingine kinachokeneka mara mbili tu, na wateja hawakulalamika. Akaanza kuuliza kuhusu ule mtungi wa kati. Unakula mvuke kutwa. Unashika watu watatu, Wa Kati na wenzake wawili. Unafanya nini hasa?

"Unaifanya wiski yetu iwe nyepesi," Dada Pua alimjibu, wamesimama ukumbi wa mitungi, joto likiwapiga usoni.

"Nyepesi kwa kuwa ina maji zaidi?"

Dada Pua alicheka. "Kinyume chake, bosi. Ikitoka mtungi wa tatu ina kileo zaidi ya asilimia themanini. Ya mara mbili hutoka na sabini hivi. Zote tunazitia maji kabla ya pipa, na chupani zinaweza kuwa na nguvu ileile. Tofauti ni kile kilichobebwa njiani."

Akamweleza. Kila unapochemsha, huanza kuja kichwa, kikali, kinanukia rangi ya kucha, hicho unakitenga. Unafuata moyo, ndio unaoutaka. Nyuma unakuja mkia, una mafuta mafuta, una harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Mkia ni mzito, haupendi kupanda. Lakini hakuna kisu kinachoutenga wote. Daima mengine hupenya yakafuatana na moyo. Ukikeneka mara ya tatu unayapa mazito nafasi nyingine ya kubaki chini. Mvuke unapanda shingoni, unagusa shaba, unapoa, mzito unaanguka kurudi tumboni, mwepesi unaendelea. Na shaba yenyewe inakamata ile harufu ya kabichi iliyochemshwa inayotoka kwenye uchachu. Ndiyo maana mitungi si ya chuma.

"Kwa hiyo ya mara tatu ni bora," alisema meneja.

"Ni nyepesi. Wapo wanaopenda nzito, na siwalaumu. Ila yetu ni nyepesi, na bila mtungi wa kati haitakuwa yetu."

Meneja alivua miwani akaifuta. "Basi nionyeshe. Nitaweka glasi tatu, wewe niambie ipi imekenekwa mara mbili. Ukiijua, mtungi unabaki, nami nitawatetea mbele ya wenye mali. Usipoijua, nitaufunga mwisho wa mwezi. Ni haki hiyo?"

"Ni haki," alisema Dada Pua, na kwa kweli alikuwa na hamu. Kumwambia mwogeleaji avuke dimbwi!

Asubuhi ya siku ya jaribio watu walijazana mlangoni. Wa Kati hakuwepo; alikuwa mtungini. Meneja alikuwa ameleta wiski changa ya kile kiwanda kingine, akachukua na za hapa, zote zikapunguzwa kwa maji zikawa na nguvu sawa. Glasi ya kushoto, ya katikati, ya kulia. Yeye peke yake alijua.

Dada Pua alianza na ya kushoto. Nafaka, utamu, unono kidogo kama maganda ya shayiri yaliyokaangwa. Safi. Akaenda ya katikati, na moyo wake ukafurahi: majani mabichi, tunda lililokatwa sasa hivi, halafu hakuna kitu, inapita ulimini kama haikuwapo. Hii ni yetu, alijisemea, hata nikiwa nimelala. Akainua ya kulia.

Kabichi. Nguo ya ndoo. Mafuta yaliyokaa nyuma ya ulimi yakakataa kuondoka hata aliposukutua. Hakurudia mara mbili.

"Hii ndiyo ya mara mbili," alisema, akaisukuma mbele. "Na aliyeipika aambiwe aone haya."

Mlangoni walicheka. Meneja hakucheka. Aliigeuza glasi ile kuonyesha karatasi iliyobandikwa chini ya kitako, akasema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, "Hii ni ya hapa, dada. Ya juzi. Uliipitisha mwenyewe."

Ya katikati ilikuwa ile ya mfano, ameitoa kabatini. Ya kushoto, ile safi, ndiyo ya mara mbili.

Dada Pua alihisi masikio yanawaka. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa ameliona la mwenzake na kulicheka mbele za watu, kumbe ni lake.

"Unaona shida yangu," alisema meneja, bila kejeli. "Mbili za mtu makini zimeshinda tatu zetu. Nichome mafuta ya nini?"

Dada Pua alitoka chumbani, akashuka ngazi za ukumbi wa mitungi. Kichwani alikuwa akijitetea: labda ni kimea kibovu, labda mapipa ya uchachu hayakuoshwa. Mtu akiogopa kumfikiria ndugu yake huwafikiria kwanza watu wa mbali. Lakini alipofika mbele ya mtungi wa kati hakuhitaji pua. Kwenye kile kisanduku cha kioo ambamo kileo hupita kionekane, alizoea kuona mchirizi mwembamba kama uzi. Siku hiyo ulikuwa unabubujika kama bomba la mtaani lililopasuka. Alinyoosha kiganja karibu na shingo ya mtungi, juu kabisa alikofika mkono, akakiondoa upesi. Mvuke ulikuwa unasukumwa wote kwa pamoja, mwepesi na mzito, haupewi muda wa kugusa shaba wala kuanguka. Mtungi wa tatu, uliopokea takataka hiyo, ulipunguza ulichoweza. Kipimo cha nguvu kilisoma vizuri, mshika mtungi wa tatu akatenga kichwa na mkia palepale alipozoea, wala hakuna kipimo ukumbini kilichosema uongo. Vipimo hupima kileo tu. Kunusa ilikuwa kazi yake yeye.

"Umefungulia mvuke wa kuchemshia kiasi gani?" alimuuliza mdogo wake.

Wa Kati alifuta jasho kwa kitambaa cha begani. "Wa kutosha."

"Wa kutosha nini? Unaukimbiza mtungi! Tangu lini?"

"Usiniambie haraka haraka haina baraka, Dada. Naijua."

"Nakuuliza tangu lini!"

Alimtazama, na yale mabega mapana yakashuka. "Wewe ulidhani saa sita nafikaje nyumbani? Nimeota mabawa?"

Dada Pua akapiga hesabu ya saa: tisa kazini, sita nyumbani.

"Nilianza kidogo," alisema Wa Kati, sauti imezama kwenye mlio wa mvuke. "Siku ya kwanza nikazidisha kidogo tu. Nikasema, Dada akinusa akikataa, nitaacha, tutatafuta njia nyingine. Hukukataa. Nikazidisha tena. Mkuu wa zamu akanipongeza kwa kumaliza mapema. Kila siku nangoja useme, husemi. Nikasema basi, kumbe haina neno."

Hilo ndilo lililomchoma. Si kwamba ndugu yake alikosea, bali kwamba alikosea akimtegemea yeye. Siku baada ya siku wiski ilikuwa ikiwa nzito kwa kadiri ya tone, na siku baada ya siku yeye alinusa ya leo kwa mazoea ya jana. Kama angalitoa ile chupa kabatini hata mara moja, ingalimpigia kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia bila kujificha, mbele ya wale wenzake wawili wa mtungi ambao hawakuwa na kosa lolote na ambao kazi zao zilikuwa zinaondoka kwa sababu ya ubavu wa mama wa watu wengine.

Kesho yake alikwenda kwa meneja. Usiku kucha alikuwa amepima maneno huku akimgeuza mama, na njia alizoziona ni mbili. Anyamaze, mtungi ufungwe, watu watatu waende nyumbani. Au aseme ukweli wote, mtungi upone, Wa Kati afukuzwe peke yake. Alisema ukweli, lakini aliuanzia kwake.

"Nilikuwa sitoi chupa ya mfano," alisema. "Ndugu yangu alifungulia mvuke, kweli. Lakini kazi ya kumzuia ilikuwa yangu. Mtungi hauna kosa. Nipe jaribio jingine moja, auendeshe polepole kama zamani. Hizi nilizopitisha mimi zitolewe kwenye mapipa, zirudi zikakenekwe upya."

Meneja alikuna kidevu. "Akiuendesha polepole atatoka saa tisa. Mama yenu mchana ataachwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kuonja?"

"Jioni, labda."

"Kuonja hakuhamishiki, dada. Jioni umeshakula, pua imeshachoka, na mapipa hayangoji."

"Najua, bosi. Naijua kazi hii kuliko wewe."

Meneja alikubali jaribio, naye akakabidhi ufunguo wa kabati. Aliyepewa ni binti wa maabara, mtulivu, mwenye pua nzuri isiyojiamini bado. Dada Pua alimpa ile amri ya bibi: usinuse ya leo peke yake. Akamwambia mara ya pili, na alipofika mlangoni akarudi akamwambia tena, mpaka binti wa watu akaona aibu.

Siku ya jaribio la pili alikuwa nyumbani. Jirani aliondoka saa sita. Dada Pua alimgeuza mama, akampaka mafuta mgongoni, akamlisha uji kwa kijiko, nusu ukiingia na nusu ukirudi. Chumba kilinuka dawa ya kusafishia, shuka zilizokauka juani, na mwili wa mgonjwa. Pua yake ilizisoma harufu zote moja moja, haikuwa na pengine pa kwenda. Mchana ulikuwa mrefu. Mara kumi alifika dirishani kama kwamba kiwanda kinaonekana kutoka pale.

Wa Kati aliingia jioni, jasho limemkaukia shingoni, akatoa mfukoni vichupa viwili vidogo vilivyofungwa kwa plasta. "Meneja amesema nikuletee. Kimoja cha mwaka jana, kimoja cha kwangu. Hata mimi sijui kipi ni kipi, binti ndiye anajua."

Dada Pua alikwenda kunawa mikono kwa maji matupu, akachukua vikombe viwili vya chai kwa kuwa glasi zilikuwa kazini. Akamimina. Akanusa cha kwanza. Majani mabichi, tunda, halafu kimya. Akanusa cha pili. Akarudi cha kwanza. Akaweka tone ulimini, akatema kwenye bakuli la mama.

"Kipi?" Wa Kati aliuliza.

"Sijui," alisema Dada Pua, akaanza kutabasamu. "Mdogo wangu, sijui. Vinafanana."

Maisha yake yote ya kazi alilipwa kwa kutofautisha, na hakuna siku aliyofurahia kushindwa kama siku ile. Wa Kati alikaa chini sakafuni akaegemeza kichwa kwenye kitanda cha mama. Kazini nako vilifanana mbele ya meneja, alisema, na mtungi umebaki. Wenzake wawili wamebaki. Yeye amepewa onyo, na mkuu wa zamu naye kapewa lake. Mama, ambaye hakujua wiski wala mitungi, aliuleta mkono wake mzima taratibu akaushika utosi wa mwanawe.

"Na meneja ameuliza," alisema Wa Kati, macho yamefumbwa. "Anasema kiti chako hajampa mtu kabisa. Binti amemshikia tu. Anauliza utarudi lini."

Dada Pua alifungua kinywa kusema. Macho yake yakamwangukia mama: kifua kilichokonda, pumzi fupi, ngozi iliyolegea shingoni. Kabla hajajizuia akawa ameanza kupiga hesabu, mwezi huu, labda na ujao, mpaka akaelewa anahesabu nini. Alivisukuma vikombe vyote viwili mbali naye, akapitisha mikono chini ya mgongo wa mama yake.

"Nisaidie," alimwambia mdogo wake. "Saa yake ya kugeuzwa imefika."